Klipu Yako Huchukua Muda Gani Kupoa? Jinsi ya Kupima Nusu Uhai wa Watazamaji

Karibu kila wiki kuna kijana hapa Kisumu ananiuliza swali lilelile. Anawapigia wafanyabiashara klipu fupi, ameposti moja jana jioni, ikapanda vizuri, kisha akaamka asubuhi akaikuta imesimama. "Imekufa?" Wengine hawaulizi. Wanaifuta na kuiweka upya, na hapo ndipo wanapoiharibu.

Jibu linapatikana kwa kupima nusu uhai. Nusu uhai ni muda unaopita tangu uposti klipu hadi ifikishe nusu ya watazamaji wote itakaowapata. Klipu itakayotazamwa mara 4,500 imefika nusu uhai wake siku na saa ile ilipogonga 2,250. Namba hii haikuambii kama klipu ni kubwa au ndogo. Klipu ya watu 500 na ya watu 50,000 zinaweza kuwa na nusu uhai uleule, kwa sababu kinachopimwa ni kasi ya kupoa.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuipata namba hiyo kwa klipu zako mwenyewe na jinsi ya kuitumia kuchagua saa ya kuposti. Usiazime namba ya mtu mwingine. Ile inayozunguka sana mtandaoni, kwamba "nusu uhai ni saa 3", chimbuko lake ni hesabu ya kampuni ya Bitly ya mwaka 2011. Bitly walipima mibofyo ya viungo, wakapata wastani wa saa 2.8 kwa Twitter, 3.2 kwa Facebook na 7.4 kwa YouTube. Hawakuwa wanapima klipu za sekunde 40, na TikTok ya leo haikuwepo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu, au lahajedwali kwenye simu kama Google Sheets. Mimi naanza na daftari kwa sababu halihitaji bando.
- Akaunti inayokuonyesha takwimu zako: TikTok Studio, YouTube Studio, au takwimu za ukurasa wako wa Facebook.
- Klipu mpya ambayo hujaiposti bado. Ya zamani haifai, maana namba zake za saa za mwanzo hukuziandika.
- Kengele za simu kwa siku mbili za kwanza.
- Uvumilivu wa siku 7.

Hatua kwa hatua

1. Amua mwisho wa kuhesabu, na uamue sasa.

Huwezi kupata nusu ya kitu ambacho jumla yake hujui, na klipu haina siku rasmi ya kufa. Mtu anaweza kuitazama mwakani. Kwa hiyo tunaweka ukomo: namba ya siku ya 7 ndiyo tutakayoiita jumla. Kwa TikTok na Reels, siku 7 zinatosha kwa klipu nyingi za biashara ndogo. Kwa YouTube napendelea siku 28, kwa sababu watu huingia pale wakitafuta kitu kwa jina, na klipu huendelea kupata wachache wachache kwa muda mrefu. Ukomo wowote utakaochagua, usiubadilishe katikati. Klipu iliyohesabiwa siku 7 hailinganishwi na iliyohesabiwa siku 28.

2. Posti, kisha andika dakika ilipoonekana.

Usiandike dakika ulipobonyeza kitufe. Klipu ikichelewa kwenye mtandao dhaifu au ikishikiliwa ikaguliwe, saa yako ianze pale inapoonekana kwa mtu mwingine. Mwombe rafiki aitafute kwenye simu yake.

3. Andika jumla kwa vipindi hivi: baada ya saa 1, 2, 4, 6, 12, 18, 24, 26, 36, 48, 72, 96, na mwisho 168, yaani siku 7.

Mwanzoni vipindi viko karibu karibu kwa sababu mabadiliko ni ya haraka, na baadaye vinaachana. Kile cha saa 26 utaona kazi yake hapo chini. Kwenye daftari andika saa zilizopita tangu kuposti, usiandike saa ya ukutani. Nimeona daftari lenye "saa 6" ambalo mwenyewe hakujua kama alimaanisha saa sita usiku au saa 6 baada ya kuposti, na safu nzima ikawa haina maana tena.

Haya ndiyo yaliyo kwenye daftari langu kwa klipu moja ya sekunde 41. Tuliipiga ufukweni Dunga, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akionyesha jinsi anavyojua omena iliyokauka sawasawa: anaishika kiganjani, anaivunja kati na kusikiliza inavyolia, kisha anapangusa kiganja kutazama kama mchanga umebaki. Niliiposti Alhamisi saa moja jioni. Tarakimu nimezilainisha kidogo ili hesabu iwe rahisi kufuata.

| Saa tangu kuposti | Saa ya ukutani | Jumla |
|---|---|---|
| 1 | saa mbili usiku | 210 |
| 2 | saa tatu usiku | 460 |
| 4 | saa tano usiku | 1,150 |
| 6 | saa saba usiku | 1,520 |
| 12 | Ijumaa, saa moja asubuhi | 1,780 |
| 18 | saa saba mchana | 2,390 |
| 24 | saa moja jioni | 2,900 |
| 26 | saa tatu usiku | 3,060 |
| 36 | Jumamosi, saa moja asubuhi | 3,350 |
| 48 | saa moja jioni | 3,760 |
| 72 | Jumapili jioni | 4,150 |
| 96 | Jumatatu jioni | 4,310 |
| 168 | Alhamisi jioni | 4,500 |

4. Tafuta mstari ambamo nusu imeangukia.

Jumla ni 4,500, nusu yake 2,250. Baada ya saa 12 tulikuwa na 1,780, baada ya saa 18 tukawa na 2,390. Nusu ilipita hapo kati. Ili kujua ni wapi hasa, gawa kipindi hicho kwa uwiano:

```
nusu_uhai = saa1 + (nusu - jumla1) / (jumla2 - jumla1) * (saa2 - saa1)
          = 12 + (2250 - 1780) / (2390 - 1780) * (18 - 12)
          = 12 + 470 / 610 * 6
          = 16.6
```

Kwa hiyo klipu ya omena ilifika nusu baada ya saa 16 na nusu hivi, yaani Ijumaa kwenye saa tano na nusu asubuhi. Usihangaike na desimali zaidi ya hapo. Kati ya saa 12 na 18 tumechukulia kwamba watu waliingia kwa mwendo mmoja, jambo ambalo si kweli kabisa, kwa hiyo kosa la nusu saa huku au kule ni la kawaida.

5. Linganisha saa na saa yake ya kesho.

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, nami naomba uisome polepole.

Rudi kwenye jedwali. Kati ya saa tatu na saa tano usiku klipu ilipata watazamaji 690 kwa saa mbili, yaani 345 kwa saa. Kati ya saa saba usiku na saa moja asubuhi ilipata 260 kwa saa sita, karibu 43 kwa saa. Ukiamka na kuona hivyo utasema imekufa. Lakini kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana ilipata 610, yaani zaidi ya 100 kwa saa. Klipu haifufuki. Watu walikuwa wamelala. Ukiwa na watazamaji wa Kisumu, Kakamega na Siaya, usiku wa manane unazima klipu zote, nzuri na mbaya.

Njia salama ni kuchukua saa mbili za jioni ya kwanza na kuzilinganisha na saa mbili hizohizo za jioni ya pili. Alhamisi kati ya saa moja na saa tatu tulipata 460. Ijumaa muda uleule, kutoka 2,900 hadi 3,060, tulipata 160. Hiyo ni kama theluthi moja ya jana yake. Hapo ndipo unaweza kusema kwa haki kwamba klipu inapoa, na kwa kasi gani.

Siku nzima nazo zinasema hivyohivyo. Siku ya kwanza 2,900, ya pili 860, ya tatu 390, ya nne 160. Baada ya lile anguko la kwanza, kila siku inabakiza kati ya asilimia 40 na 45 ya iliyotangulia. Hivyo ndivyo kupoa kwa kawaida kunavyoonekana: shuka kubwa, halafu ngazi zinazofanana. Chanzo chake si fumbo. Mtandao huijaribu klipu kwa kundi dogo, wakiitazama hadi mwisho hupelekwa kwa kundi kubwa zaidi, na hilo huendelea hadi ifike kwa watu wasioijali omena. Wale walioijali wameshaiona, na klipu mpya zimeshaingia mahali pake.

6. Rudia kwa klipu 10, kisha chukua namba ya katikati.

Klipu moja ni hadithi tu. Baada ya 10 nilikuwa na nusu uhai hizi, kwa saa: 9, 11, 12, 14, 15, 17, 18, 19, 22 na 96. Ukizijumlisha na kugawa kwa 10 unapata 23.3, namba ambayo ni kubwa kuliko klipu 9 kati ya 10. Ile ya 96 imevuta wastani wote. Kwa hiyo zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati. Zikiwa 10, ni wastani wa ya tano na ya sita, 15 na 17, yaani saa 16. Kwenye lahajedwali andika hivi:

```
=MEDIAN(D2:D11)
```

Ile ya 96 usiitupe, iandike pembeni. Ilikuwa klipu ya jinsi ya kufika Kit Mikayi, lile jiwe la barabara ya kwenda Bondo. Wakati wa kuposti haikushughulisha watu, kisha wikendi ikafika na walioitafuta njia wakaipata. Klipu za kuelekeza hupoa tofauti na klipu za habari au bei, na baada ya miezi michache nilizitengea ukurasa wake kwenye daftari. Fanya hivyo pia na klipu za asubuhi na za jioni. Klipu iliyopostiwa saa moja asubuhi ina mchana wote mbele yake kabla ya kukutana na usiku, kwa hiyo nusu uhai wake kwa kawaida huwa mfupi kuliko ya jioni.

7. Tumia namba kuchagua saa ya kuposti.

Mwenzangu mmoja wa Nakuru anauza mitumba. Belo analifungua saa tatu asubuhi, na nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, zinaondoka kabla ya saa tano. Alikuwa anaposti klipu ya kutangaza belo saa mbili asubuhi, akashangaa mbona wateja wanakuja saa tisa na kukuta yaliyobaki. Klipu zake za jioni zilikuwa na nusu uhai wa saa 16. Tukahesabu kurudi nyuma: ili nusu ya watu wawe wameona ifikapo saa tatu asubuhi, klipu iwe hewani tangu saa kumi na moja jioni ya siku iliyotangulia. Tatizo ni kwamba saa hizo belo halijafunguliwa, kwa hiyo akaanza kupiga klipu ya belo likiwa limefungwa, akisema aina ya nguo na saa ya kulifungua. Picha ya nguo zenyewe anaiweka asubuhi kwenye Status ya WhatsApp, ambayo hata hivyo hufutika yenyewe baada ya saa 24 na huonwa na wateja wenye namba yake ambao naye ana namba zao.

Swali la kujiuliza ni hili: kinachosemwa kwenye klipu kinabaki kweli kwa muda gani? Kama ni bei ya leo na nusu uhai ni saa 16, nusu ya watu watasikia bei ya jana. Weka tarehe kwenye maandishi ya klipu.

8. Kadiria mwisho mapema, kwa uangalifu.

Mteja anayelipa hataki kungoja siku 7. Klipu ya omena ilikuwa imepata 2,900 kati ya 4,500 baada ya saa 24, yaani asilimia 64. Kama klipu zako 10 zinazunguka hapohapo, basi mpya iliyofika 1,600 kwa saa 24 inaelekea 1,600 ÷ 0.64 = 2,500. Mwambie mteja "kama 2,500". Usimwahidi, kwa sababu klipu ikipata wimbi la pili hesabu hii inavunjika, na ikizimwa na mtandao inavunjika pia.

Makosa yanayoharibu kipimo

*Kufuta na kuposti tena asubuhi.* Unatupa wale watu wa mchana waliokuwa wanakuja. Kwa klipu ya omena, ningeifuta saa moja asubuhi ningepoteza 2,720 kati ya 4,500.

*Kuchanganya watazamaji wa kulipia.* Ukilipia tangazo, watazamaji huingia kwa ratiba ya pesa yako, na zikiisha wanakatika ghafla. Klipu hiyo iache nje ya zile 10.

*Kujumlisha mitandao.* TikTok, Facebook na YouTube hazipoi pamoja. Kila mmoja uwe na safu yake.

*Kusoma namba iliyofupishwa.* Klipu ikishakuwa kubwa skrini huandika 12.3K, na watazamaji wapya kadhaa wanaweza kuingia bila namba hiyo kusogea. Fungua ukurasa wa takwimu wa klipu yenyewe.

*Kulinganisha YouTube ya zamani na ya sasa.* Tangu tarehe 31 Machi 2025, Shorts huhesabu kila klipu inapoanza kucheza au kurudia, hata kama mtu ameipita hapohapo. Kipimo cha zamani bado kipo kwenye YouTube Studio kwa jina la Engaged views. Chagua kimoja na ukae nacho.

Mambo yakienda kombo

Grafu ya YouTube inaonyesha siku ya kwanza ni ndogo kuliko daftari langu. Ripoti za siku za YouTube hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Siku yao huanza hapa kwetu saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira yao. Klipu uliyoiposti Alhamisi saa moja jioni inapata "Alhamisi" ya saa 15 au 16 tu, iliyobaki inahesabiwa Ijumaa. Kwa siku mbili za kwanza tumia daftari lako.

Nimekosa kuandika saa ya 6 na ya 12. Kama nusu imeangukia katika pengo hilo, usikisie. Andika "kati ya saa 4 na 18" na klipu hiyo uiache nje ya hesabu ya katikati. Kama nusu imeangukia kwingine, pengo halikudhuru.

Namba imepungua badala ya kupanda. Mitandao huondoa hesabu za bandia baada ya kukagua. Andika namba mpya kama ilivyo na uweke alama. Kama imepungua kwa wachache, endelea. Ikipungua kwa sehemu kubwa, anza na klipu nyingine.

Siku ya 5 imepanda kuliko ya 4. Hilo ni wimbi la pili. Angalia watu wametoka wapi kwenye takwimu: kama ni utafutaji, klipu yako ni ya kuelekeza na uipeleke ukurasa wake. Kama ni ukurasa mkubwa uliokusambaza, andika jina lake na saa, kisha pima wimbi hilo peke yake kuanzia hapo.

Klipu imegota kwenye watu 80 tangu saa ya kwanza. Hapo nusu uhai hautakusaidia, kwa sababu watu wachache hivyo wanaweza kuwa marafiki zako tu. Kwanza hakikisha haijawekwa faragha na haijashikiliwa kwa ukaguzi. Kama iko wazi, tazama wangapi walifika sekunde ya tatu. Wengi wakiwa wameondoka hapo, kata sehemu ya mwanzo. Klipu ya omena tuliipiga mara mbili: ya kwanza ilianza na mama akisalimia na kueleza alivyoanza biashara, ya pili ilianza na sauti ya samaki akivunjika kiganjani. Ile ya pili ndiyo iliyo kwenye jedwali hapo juu.